Ugali umetosha, kilichopungua ni kingine: kupima mlo wa mjamzito wa miezi ya mwisho

Mjamzito anayeingia mwezi wa saba huambiwa na kila mtu ale vizuri, ale mara nyingi, ale kwa ajili ya watu wawili. Huambiwa hivyo kliniki, huambiwa na mama mkwe, huambiwa na jirani aliyekuja kuazima chumvi. Tatizo la ushauri huo ni kwamba hauna kipimo. Mama anaweza kuufuata kwa moyo wote, akaongeza tonge tatu za ugali mchana na tatu usiku, akashiba hadi akashindwa kuinama, na bado mlo wake ukawa na upungufu uleule uliokuwapo kabla hajaongeza chochote. Nafanya kazi ya lishe hapa Dodoma, na katika makala hii nataka kueleza jinsi upungufu huo unavyoweza kuonekana kwa kupima chakula cha siku nzima, kwa kutumia mfano wa wifi yangu, ambaye ameniruhusu kuandika habari zake bila kumtaja jina.

Naanza na mahitaji yenyewe, kwa sababu humo ndimo ulimo ufunguo wa jambo zima. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wenzao wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba katika miezi mitatu ya kwanza mjamzito anahitaji nyongeza ndogo sana ya nishati, kama kilokalori 85 kwa siku; katika miezi mitatu ya katikati nyongeza hufika kilokalori 285; na katika mitatu ya mwisho hufika 475. Kwa upande wa protini, nyongeza ya miezi ya mwanzo ni kama gramu 1 tu kwa siku, ya katikati inakaribia gramu 10, kisha inaruka hadi gramu 31 katika miezi ya mwisho, wakati mtoto anapojenga misuli na viungo kwa kasi na mwili wa mama nao unaongeza damu na tishu zake.

Sasa ziweke nyongeza hizo kando ya mahitaji ya kawaida. Mwanamke wa kilo 52 anayefanya kazi za shamba na nyumbani kwa kiasi cha wastani anahitaji takriban kilokalori 2,200 kwa siku akiwa hana mimba, na protini isiyopungua gramu 43. Nishati inayoongezeka mwishoni mwa mimba ni kama sehemu moja ya tano ya mahitaji hayo. Protini inayoongezeka inakaribia robo tatu. Mizani haipandi sawa pande zote mbili, na mtu anayeongeza chakula kilekile kwa kipimo kikubwa zaidi anajaza zaidi upande wa nishati, huku upande wa protini ukibaki nyuma. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo ushauri wetu wa kila siku huliacha bila kulisema.

Wifi yangu ameolewa na kaka yangu, na wanaishi na mama yetu katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Ana umri wa miaka 27, urefu wa sentimita 158, na alipoandikishwa kliniki katika wiki ya 11 ya mimba yake ya pili alikuwa na kilo 52, uzito ambao kwa urefu wake ni wa kawaida kabisa. Nilipomtembelea mwezi Februari alikuwa wiki ya 30, na kadi yake ilionyesha kilo 57.4. Mwezi mmoja kabla ilionyesha 56.6. Kwa mwanamke aliyeanza mimba na uzito wa kawaida, viwango vinavyotumika sana, vilivyotolewa Marekani mwaka 2009, hutarajia aongezeke kati ya kilo 0.35 na 0.5 kwa wiki katika sehemu ya pili na ya tatu ya ujauzito. Yeye alikuwa ameongezeka kilo 0.8 kwa wiki nne, yaani 0.2 kwa wiki. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na homa wala kutapika, wingi wa damu ulikuwa umepimwa na kuonekana sawa. Uzito tu ndio uliokuwa ukisuasua.

Nilipomuuliza anakula nini, alinijibu kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na swali hilo: "Wifi, mimi ugali nakula mpaka nashiba. Sasa mnataka nile nini tena?" Na alikuwa anasema kweli.

Kumwuliza mtu alichokula jana ni njia inayofaa kwa kuanzia, lakini katika nyumba ambazo watu hula sinia moja haitoshi, kwa kuwa hakuna anayejua sehemu yake ilikuwa kiasi gani. Njia niliyoitumia ni ya kupima kwa mizani ndogo ya jikoni, na kanuni yake ni moja: pima kitu kikiwa kikavu kabla hakijapikwa. Ugali ukishaiva theluthi mbili yake ni maji, na maji hayo hubadilika kulingana na mkono wa mpishi, kwa hiyo gramu 600 za ugali wa mpishi mmoja zinaweza kubeba unga mwingi kuliko gramu 600 za mwingine. Unachofanya ni kupima unga wote unaoingia sufuriani, kisha unapima ugali wote ulioiva, halafu unapima sehemu aliyopakuliwa mhusika. Mchana ule kilo moja ya unga wa dona ilitoa ugali wa kilo tatu. Nilimwomba wifi apakue sehemu yake kwenye sahani ya peke yake kwa siku za kupima, naye akapakua gramu 600, ambazo ni moja ya tano ya ugali wote. Moja ya tano ya kilo moja ya unga ni gramu 200. Hesabu haina zaidi ya hapo, na asiye na mizani anaweza kuifanya kwa kikombe kimoja kilekile, akipima unga kwa vikombe na kugawa ugali kwa mafungu yanayolingana.

Maharage yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mchuzi hudanganya. Usiku ule wifi alijipakulia mwisho, baada ya kaka, mama, watoto na mgeni kupata, na bakuli lake lilionekana limejaa kama mabakuli mengine. Nilimwomba anisamehe, nikachuja. Punje zilizobaki kwenye chujio zilikuwa na uzito wa gramu 75. Maharage yakiiva huongezeka uzito kama mara mbili na nusu, kwa hiyo alichokula ni sawa na gramu 30 za maharage makavu. Kilichobaki kilikuwa maji, nyanya, chumvi na mafuta. Mama alilitazama lile chujio, akasema kwamba siku zote yeye humwekea wifi mboga ya kutosha. Ni kweli humwekea. Lakini upawa unaochota juu ya chungu huchota mchuzi, punje ziko chini, na anayechota mwisho katika nyumba nyingi ninazozijua ni mwanamke aliyepika.

Siku moja haitoshi. Ni vizuri kupima siku tatu zisizofuatana, na mojawapo iwe ya gulio au ya ibada, ambapo watu hula tofauti. Zaidi ya hayo, mpimaji mwenyewe huharibu kipimo kwa kuwapo kwake. Siku niliyofika mama alichinja kuku kwa heshima ya mgeni. Kuku huyo nilimla kwa furaha, ila siku hiyo sikuiingiza kwenye hesabu.

Wastani wa siku zilizobaki ulikuwa hivi. Asubuhi, saa mbili, alikunywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na kula maandazi mawili yenye uzito wa gramu 90 kwa pamoja. Hapo alipata kama kilokalori 360 na protini gramu 6. Saa nne, akitoka kupalilia, alikunywa kikombe cha uji wa uwele. Uji ule ulikuwa mwepesi, unaonyweka kwa mkupuo mmoja, na ndani yake mlikuwa na gramu 30 tu za unga na vijiko viwili vya sukari, yaani kilokalori 150 na gramu 3 za protini. Mchana alikula ugali wa gramu 200 za unga wa dona pamoja na mlenda uliotiwa kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti, jumla kilokalori 780 na protini gramu 19. Alasiri hakula kitu isipokuwa kipande cha udongo wa kula kutoka sokoni, ambao hauna kalori wala protini, na ambao nilimsihi auache kwa sababu nyingine zinazohusu madini ya chuma na minyoo. Usiku alikula ugali wa gramu 180 za unga na yale maharage gramu 30 yaliyoungwa kwa mafuta, jumla kilokalori 840 na protini gramu 21 na ushee.

Ukijumlisha unapata kilokalori 2,130 na protini gramu 50 hivi. Mahitaji yake ya wakati ule yalikuwa kilokalori 2,200 na nyongeza ya 475, yaani karibu 2,675, na protini gramu 43 na nyongeza ya 31, yaani gramu 74. Kwa hiyo alikuwa anapungukiwa kilokalori 545 na protini gramu 24 kila siku. Tazama vizuri tarakimu hizo: alichokuwa anakula kinakaribia sana mahitaji ya mwanamke wa umbo lake asiye na mimba. Mlo wake wa zamani haukuwa mbaya. Ulikuwa tu haujasogea, na mwili wake ulikuwa umeanza kubana matumizi, jambo ambalo yeye alilieleza kama uchovu wa mchana unaomlazimu kulala baada ya palizi.

Kuna la kuongeza kuhusu zile gramu 50. Gramu 41 kati yake zilitoka kwenye nafaka: ngano ya maandazi, uwele wa uji na mahindi ya ugali. Protini ya mahindi na ya uwele ina upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na ile gramu 74 ya viwango huhesabiwa kwa protini iliyo kamili na inayomeng'enywa vizuri. Maana yake ni kwamba pengo halisi lilikuwa kubwa kuliko gramu 24 zilizoonekana kwenye daftari. Jamii ya kunde, maziwa, samaki na mayai vina laisini kwa wingi, na vikiliwa pamoja na ugali katika mlo mmoja huifanya hata protini ya ugali itumike vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo haikuwa lazima kutafuta nyama. Ilitosha kubadili kile kinachoandamana na ugali.

Kabla ya kufika huko, nilitaka wifi na mama waone kwa nini tusiongeze ugali wenyewe. Kuziba pengo la kilokalori 545 kwa unga wa mahindi kunahitaji gramu 150 za unga, yaani ugali wa gramu 450 juu ya ule anaokula sasa. Protini ambayo ingeongezeka ni gramu 13 tu, nayo ni ileile isiyo na laisini ya kutosha. Na tumbo lina mipaka yake. Katika wiki ya 30 mji wa mimba umepanda juu ya kitovu na kulisukuma tumbo la chakula, kiungulia kinaanza, na mama anashiba kabla hajafika alipokuwa akifika zamani. Ugali una kama kilokalori 120 katika kila gramu 100, na uji mwepesi wa saa nne haufiki hata 60 pamoja na sukari yake, ilhali karanga zina zaidi ya 560. Katika miezi hii kila nafasi ya tumbo inafaa ipewe kitu kizito kwa virutubisho na kidogo kwa ujazo.

Tuliyokubaliana yalikuwa mabadiliko manne, na hakuna hata moja lililohitaji chungu cha peke yake. La kwanza, chai ya rangi ya asubuhi ikawa chai ya maziwa yenye kikombe kizima cha maziwa, mililita 250, ambacho huongeza kilokalori 160 na protini gramu 8. Mwezi Februari mvua zimenyesha, majani yapo, na ng'ombe wa jirani anakamuliwa, kwa hiyo maziwa hayakuwa tatizo. La pili, uji ukaongezwa unga kutoka gramu 30 hadi 50 na kutiwa gramu 25 za karanga zilizokaangwa na kutwangwa, na hapo zikaongezeka kilokalori 214 na protini gramu 8. La tatu, mlenda wa mchana ukatiwa gramu 20 za karanga zilizotwangwa, jambo ambalo mama alisema ndivyo walivyokuwa wakiupika zamani kabla karanga hazijawa kitu cha kuuzwa mjini. Hizo ni kilokalori 114 na gramu 5. La nne, wifi akapakuliwa punje za maharage zenye uzito wa gramu 150 zikiwa zimechujwa, badala ya 75, ambazo ni nyongeza ya kilokalori 100 na protini gramu 6 na nusu. Jumla ya nyongeza ni karibu kilokalori 590 na protini gramu 28. Siku yake mpya inafika karibu kilokalori 2,720 na protini gramu 78, na ugali wake umebaki palepale.

Uji ulileta tatizo ambalo nilifaa kulitarajia, kwa kuwa ni la kawaida: unga gramu 50 na karanga katika kikombe kimoja huganda, na mama mwenye kiungulia hawezi kuunywa. Dawa yake ni kimea. Uwele au ulezi huloweshwa usiku mmoja, ukafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue, ukaanikwa ukakauka vizuri, ukasuguliwa ili vichipukizi na vimizizi vianguke, kisha ukasagwa. Uji mzito ukiiva unaepuliwa na kuachwa upoe kidogo, unatiwa kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukorogwa, na ndani ya dakika chache unalegea mbele ya macho yako hadi unamiminika tena, bila kuongezwa tone la maji. Vimeng'enya vilivyomo katika kimea ndivyo vinavyoikata wanga. Ukitiwa kimea wakati unachemka sana havifanyi kazi, kwa sababu moto huviua. Ukishalegea, unarudishwa jikoni uchemke tena kidogo kwa usalama. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliwahi kuhimiza matumizi ya kimea katika uji wa watoto kwa sababu hiihii, na bibi zetu wa Dodoma wanakijua kimea vizuri, ingawa wengi wao wanakihusisha zaidi na pombe. Nilishauri uwele na ulezi, nikauacha mtama, kwa kuwa vichipukizi vya mtama vina sumu ya sianidi visipoondolewa vyote.

Karanga zenyewe zina hatari moja ambayo mtu wa Kanda ya Kati hapaswi kuipita haraka, nayo ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hii iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga hushambuliwa na kuvu hao hao. Februari ni mwezi ambao karanga za mavuno ya mwaka uliopita zimekaa ghalani muda mrefu na unyevu wa masika umeingia. Tulizimwaga zote kwenye ungo, tukachambua moja moja, tukatoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu, na hizo hazikupewa kuku wala hazikuchanganywa na za mbegu. Kukaanga hupunguza sumu hii kwa kiasi, lakini hakuiondoi. Karanga za kutwangwa zinazouzwa zikiwa tayari sokoni sizipendekezi kwa mjamzito, kwa sababu ikishasagwa huwezi tena kuona kilichotiwa, na kwa uzoefu wangu wa masoko, mbovu ndizo husagwa kwanza.

Mama aliuliza kama haingekuwa rahisi zaidi kununua kopo la unga wa protini, maana binti wa jirani aliletewa moja kutoka mjini. Swali ni la haki. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa mwaka 2016 halishauri virutubisho vyenye protini nyingi kwa wajawazito wenye lishe duni. Linashauri elimu ya kuongeza nishati na protini kwa pamoja na, katika jamii zenye wanawake wengi wenye uzito pungufu, chakula cha nyongeza ambacho nishati inayotokana na protini haifiki robo. Mwili wenye njaa ya nishati huichoma protini kama kuni, kwa hiyo anayenywa protini huku kalori zake ni pungufu analipia kitu cha bei ghali kifanye kazi ambayo ugali ungeifanya. Karanga, maharage na maziwa huleta vyote viwili kwa pamoja, na ndiyo maana nilivichagua.

Upakuaji ndio uliokuwa mgumu kuliko hesabu. Mwanamke hawezi kujichotea punje za chini ya chungu mbele ya mama mkwe na mumewe, hata aambiwe na mtaalamu gani. Mama ndiye aliyelimaliza jambo hilo kwa kuamua kwamba bakuli la wifi lipakuliwe kwanza, na alipakue yeye mwenyewe. Sikuwa nimelifikiria, na katika daftari langu halikuwa na safu yake. Yapo pia maneno ya kwamba mjamzito akila sana mtoto atakuwa mkubwa na uzazi utakuwa mgumu, na yapo ya kumkataza mayai. Wifi hakukatazwa mayai, lakini hilo la mtoto mkubwa alikuwa amelisikia, na nilimjibu kwamba nyongeza ya kilo 0.4 kwa wiki ndiyo inayotarajiwa kwa mwanamke kama yeye, na kwamba kliniki wangemwambia kama angezidisha.

Mlo ukishabadilishwa, mizani ya kliniki ndiyo inayotoa jibu, maana tarakimu za jikoni ni makadirio tu na zinaweza kukosea kwa sehemu moja ya kumi bila mtu kujua. Katika wiki ya 34 wifi alikuwa na kilo 58.9. Hiyo ni kilo 1.5 kwa wiki nne, au karibu 0.38 kwa wiki, ndani ya kiwango ingawa kwa upande wa chini. Nilipima tena siku chache na kuona kwamba karanga za kwenye uji na punje za maharage zilikuwa zinafuatwa karibu kila siku, lakini karanga za kwenye mlenda zilikuwa zimepungua, kwa sababu wifi alikuwa akiwatilia watoto kwanza. Tukaongeza kiasi kinachotwangwa ili kitoshe chungu kizima.

Uzito unaopanda si lazima uwe wa chakula. Mjamzito anayeongezeka zaidi ya kilo moja ndani ya wiki moja, hasa akivimba uso au mikono, akiumwa kichwa kisichotulia au kuona maluweluwe, anatakiwa apimwe shinikizo la damu na mkojo siku hiyohiyo. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja, na hakuna uji wa kuitibu. Vilevile hesabu niliyoionyesha hapa ni ya mwanamke mwenye mtoto mmoja tumboni, aliyeanza na uzito wa kawaida na asiye na kisukari. Aliyeanza na uzito mkubwa hutarajiwa aongezeke kwa kiasi kidogo kuliko huyo, mwenye mapacha anahitaji zaidi, na aliye mwembamba sana, ambaye mkanda wa kupimia mkono wa juu unaonyesha chini ya sentimita 23, anahitaji kufuatiliwa na kituo cha afya tangu mapema bila kungoja wiki ya 30.

Kwa wale ambao mimba zao zitafika mwezi wa nane au wa tisa katika kiangazi, kati ya Agosti na Novemba, maziwa yatakuwa yameadimika na mlenda utakuwa ule wa kukaushwa. Mahali pa kikombe cha maziwa panaweza kuchukuliwa na gramu 15 za dagaa wakavu waliotwangwa na kutiwa kwenye mboga, ambao wana protini gramu 8 hivi. Nishati yao ni kama kilokalori 50 tu, na zile 110 zinazobaki hupatikana kwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti katika chungu hichohicho, ilimradi kihesabiwe kwa bakuli lake peke yake, maana kijiko hicho kikigawanywa kwa watu sita yeye hupata kilokalori 20.